Mikono ya Ngendo Alfajiri

Mimi ndiye niliyeandika kwamba Ngendo ni mzima. Niliandika mara tatu katika kitabu cha zahanati cha mwaka 1956, kwa mwandiko wangu ninaojivunia: "Anakunja ngumi vizuri. Hakuna uvimbe wa maana. Arudi kazini." Mara ya tatu nilikuwa nimekasirika, nikapiga mstari chini ya neno "kazini" mpaka karatasi ikakwaruzika.

Zahanati yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati ndani ya shamba la kahawa, kati ya Ruiru na Thika. Mimi, Jeconia, mtu wa kutoka magharibi, ndiye niliyekuwa msaidizi wa daktari pale. Nilisomea Nairobi miaka mitatu na nilijiona najua. Wagonjwa niliwapokea saa nane mchana, kwa sababu Bwana Meneja hakutaka mtu aache kuchuma asubuhi. Daktari mwenyewe alikuwa akija kutoka Thika kila Alhamisi ya pili, naye pia alifika saa nane. Alikuwa akihudumia mashamba matano na jela moja. Alikuwa akiingia akitazama saa na kutoka akitazama saa.

Sasa mnielewe nilivyokosea, maana sikukosea kwa ujinga tu. Nilikosea kwa sababu ya mzee Kang'ethe.

Kang'ethe alibeba magunia ya kahawa miaka ishirini na saba. Magoti yake yote mawili yalikuwa yakilia kama ngozi kavu ukiyakunja, na vidole vyake vilikuwa na vinundu vigumu kwenye viungo vya mwisho, karibu na kucha. Asubuhi alikuwa anakazika kidogo, dakika tano au kumi, kisha anatembea. Lakini kadiri siku ilivyoenda ndivyo alivyozidi kuumia, na jioni alipanda ngazi za ghala akishika ukuta. Akipumzika Jumapili, Jumatatu alikuwa na nafuu. Daktari alimpiga picha huko Thika, akanionyesha: nafasi kati ya mifupa imekwisha, na pembeni mfupa umeota miiba. "Gegedu, ule mto kati ya mifupa, imelika," akasema. "Umri na mzigo. Mpe aspirini akiumwa, mpe fimbo, mwondoe kwenye magunia." Wakamweka getini, na hadi leo namwona kama mtu mwenye bahati.

Kwa hiyo mimi nikajiwekea sheria kichwani: mgonjwa wa kweli wa viungo huumia zaidi baada ya kazi. Ngendo alikuwa kinyume. Asubuhi hawezi, mchana anaweza. Mtu gani anaponywa na kazi? Mvivu, nikajibu mwenyewe.

Ngendo alikuwa na miaka thelathini na mbili. Mume wake, Macharia, alikamatwa mwanzoni mwa Hali ya Hatari, akapelekwa kambini mbali, na barua mbili alizoweza kumwandikia mkewe zilikuja kwa anwani ya shamba letu. Hiyo ndiyo anwani pekee aliyoijua. Ngendo na binti yake Gathoni walikuwa na chumba kimoja katika laini za wafanyakazi, na chumba kilikwenda na kazi. Ukikosa kazi, unapakiwa kwenye lori kurudishwa katika kijiji cha walinzi, palipofungiwa watu chini ya askari, kuchimba handaki na wengine. Na mwanamke asiyeweza kushika jembe asubuhi huko angefanyaje? Hilo sikuwa nimejiuliza bado.

Nyapara alikuwa Musau, mtu wa Machakos, mkubwa, mwenye sauti ya kuamsha wafu. Kila asubuhi aliita majina saa kumi na mbili, na kila asubuhi Ngendo alifika mwisho, akachuma kwa viganja kama mtu aliyevaa glavu, akiangusha kahawa mbivu chini. Saa nne kikapu chake kilikuwa robo. Alasiri alichuma kama wenzake. Musau akaandika jina lake kwenye orodha ya wazembe, mara moja, mara mbili, mara tatu. Meneja akasema: Jumatatu aondoke, isipokuwa Daktari aseme kwa kalamu yake kwamba ni mgonjwa.

Alhamisi ile Daktari alimtazama saa nane na dakika kumi. Ngendo akakunja ngumi. Si vizuri sana, lakini akakunja. Daktari akafungua kitabu changu, akasoma mistari yangu mitatu, akatikisa kichwa.

"Msaidizi wangu ameshasema," akamwambia.

Ngendo alinitazama mimi, hakumtazama yeye. "Bwana Jeconia, njoo unione asubuhi," akasema. "Njoo tu siku moja. Mikono hii si hiyo ya asubuhi."

Nikamwambia zahanati hufunguliwa saa nane.

Ijumaa, kabla hakujapambazuka vizuri, niliitwa kwenye laini kwa mama aliyekuwa anajifungua. Mtoto alitoka salama. Niliporudi nilipita mlango wa Ngendo, ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono yote miwili ndani ya karai la maji ya moto, machozi yanamtoka bila sauti. Jirani yake Wayua alikuwa amesimama nyuma yake akimfunga kitambaa kichwani na vifungo vya gauni, kama unavyomvisha mtoto.

"Kila siku hivi?" nikauliza.

"Kila siku," Wayua akajibu kwa ukali. "Tangu mvua zile za mwaka jana. Yeye anaamka saa kumi ndio saa kumi na mbili aweze kushika kikapu. Wewe ulikuwa unadhani nini, daktari wa mchana?"

Nilipiga magoti pale chini. Nikaitoa mikono ndani ya maji, nikaiona kwa mara ya kwanza. Viungo vya shina la vidole vimejaa, mabonde kati yake yamepotea. Viungo vya katikati vimevimba katikati na kuwa vyembamba pande zote mbili. Viungo vya karibu na kucha, pale pa Kang'ethe, vilikuwa safi kabisa. Kulia kama kushoto, kushoto kama kulia. Vifundo vya mikono vina joto. Nikabonyeza: si mfupa mgumu, ni laini, kama unga uliokandwa. Nikamwambia akunje ngumi. Vidole vilifika nusu vikasimama, na kati ya vidole na kiganja ungepitisha yai.

"Na miguu?" nikauliza.

"Nikishuka kitandani ni kama nakanyaga kokoto," akasema Ngendo. "Mpaka saa tatu, saa nne. Halafu inaachia pole pole. Nikija kwako imeachia. Nikija kwako naonekana mwongo."

Nilijua jina la ugonjwa huo: baridi yabisi. Nilikuwa nimeusoma: kinga ya mwili inayoshambulia viungo vyake yenyewe, hasa kwa wanawake ambao bado ni vijana, mkazo wa asubuhi unaozidi saa nzima, kazi inayoulegeza badala ya kuuzidisha. Nilikuwa nimefaulu swali hilo kwenye mtihani. Nilisimama pale mlangoni nikajichukia.

Nikakimbia ofisini, nikaomba simu ya Thika. Daktari hakufurahi. "Jeconia, kitabu chako kinasema anakunja ngumi. Mara tatu. Nikatae maandishi yako niamini simu yako?" Nikamsihi aje asubuhi moja tu. Akasema asubuhi ni ya hospitali, asubuhi ni ya wanaokufa, akakata simu. Leo Ijumaa. Jumatatu lori.

Sikula siku ile. Nilikuwa nimejenga ukuta kwa mkono wangu mwenyewe, na sasa nimesimama nje yake napiga kelele.

Jumamosi alfajiri askari wa laini, Omondi, alinigongea. "Yawa, Jeconia, amka! Nyapara anakufa."

Musau hakuwa anakufa. Jioni iliyopita alikuwa amechinja mbuzi na kunywa pombe ya miwa kusherehekea mahari ya binti yake, na sasa alikuwa juu ya kitanda cha zahanati, mguu wa kushoto umeinuliwa, akilia kama ndama. Kidole gumba cha mguu kilikuwa chekundu, kinang'aa, kimevimba mpaka ngozi imenyooka. Nilipotaka kumfunika shuka alipiga ukelele, shuka tu!

Nilijua ni nini kabla sijawasha taa. Ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza, miezi minane nyuma, nilimpa ile dawa ya chupa namba tatu, dawa yenye salisili, jamii ya aspirini, ambayo nilimpa kila mtu mwenye kiungo kinachouma, na haikumsaidia chochote. Baadaye nikasoma kwamba kwa kipimo kidogo huzuia asidi ya yuriki isitoke na mkojo, ndiyo kwanza inamwongezea mtu kama yeye. Mara ile ya kwanza alikuwa pia na kivimbe cheupe kwenye ukingo wa sikio. Nilikitoboa kwa sindano, kikatoka kitu kama chokaa. Nikakiweka kwenye kisahani cha kauri, nikatia tone la asidi ya naitriki, nikakausha juu ya moto wa spiriti, kisha tone la amonia. Kikawa zambarau. Ni yuriki. Ni jongo, yuriki iliyoganda viungoni. Daktari alinisifu siku ile, akatuma damu yake Nairobi, ikarudi na yuriki juu sana. Akaniachia chupa ndogo ya vidonge vya kolchisini, akasema: akishikwa tena, mpe mara moja, kidonge kila saa, mpaka maumivu yakatike au tumbo liharishe.

Chupa hiyo ilikuwa kwenye kabati la kioo, rafu ya pili. Musau alikuwa amelala akiitazama.

Nilishika ufunguo wa kabati mfukoni. Saa yangu ilisema kumi na moja na robo. Kidonge cha kwanza kingeanza kazi yake sasa, na mwanamume huyu angepata nafuu mapema zaidi. Lakini Daktari asingeitwa.

Naandika haya nikiwa mzee na bado mkono wangu unasita. Niliuacha ufunguo mfukoni.

Nilimwambia Omondi: "Nenda ofisini, uwaambie wapige simu Thika. Waseme nyapara ana kiungo chekundu, chenye moto, na kinaweza kuwa usaha. Usaha ndani ya kiungo unaweza kuingia kwenye damu ukamuua. Daktari aje sasa hivi." Na hilo la usaha si uongo kitabuni. Kiungo kimoja chekundu ghafla, lazima umfikirie adui huyo. Ila mimi nilikuwa najua si yeye. Kisha nikamwambia: "Ukirudi, pitia kwa Ngendo. Mwambie aje hapa kama alivyo. Asitie mikono kwenye maji ya moto."

Omondi alinitazama kidogo, akaondoka.

Musau alilia kwa saa mbili. Alimwita mama yake kwa Kikamba. Alinishika shati akasema, "Jeconia, ndugu yangu, nipe hata sumu." Nilimpangusa jasho, nikamwambia Daktari yuko njiani. Ngendo aliingia saa kumi na mbili na nusu, akaketi kwenye benchi, mikono mapajani kama kitu kisicho chake, akamwangalia yule aliyemwandika mzembe akijikunyata.

Daktari aliingia saa moja na dakika kumi, ndevu hajanyoa. Akatazama kidole, akatazama sikio, akanigeukia kwa hasira.

"Hili ni jongo, Jeconia. Unalijua kuliko mimi. Kolchisini iko wapi?"

"Imekwisha, Daktari," nikajibu, mgongo wangu umeziba kabati.

Alitoa yake kwenye mkoba, akampa Musau kidonge cha kwanza, akamwambia anywe maji mengi, aache pombe na maini, na mwezi ujao shambulio likishapoa kabisa angemwanzishia dawa ya kila siku ya kutoa yuriki kwenye mkojo. "Na asiguse aspirini," akaongeza. Akafunga mkoba.

Nikasimama mlangoni. Sijui nilikotoa ujasiri. "Daktari, umeshafika. Ni asubuhi. Mtazame huyu mama, dakika tano tu. Kitabu changu kilikosea. Niliandika mchana."

Alitazama saa, akaweka mkoba chini. Kisha akavuta kigoda.

Alimshika Ngendo mikono yote miwili, akaminya shina la vidole kwa upande, taratibu. Ngendo akafunga macho, "Ngai!" ikamtoka. Daktari akabonyeza kila kiungo, akamvua viatu, akaminya miguu. Akazungusha kitambaa cha kupimia presha, akakijaza hewa kidogo mpaka zebaki ikasimama ishirini. "Minya kwa nguvu zako zote." Zebaki ilipanda mpaka hamsini, ikatetemeka, ikakoma. Mkono wa pili, arobaini na nane.

"Saa nane umpime tena," akaniambia kwa sauti nyingine. Akavuta damu, akaichanganya na sitrati isigande, akaisimamisha kwenye mrija mrefu mwembamba kuona chembe zake zitashuka upesi kiasi gani. Tukangoja saa nzima, sisi wote, na Musau akiguna kitandani. Nilikumbuka damu ya Kang'ethe ilivyoshuka milimita kumi na mbili tu. Ya Ngendo ilishuka tisini na moja.

"Hiyo peke yake haitoshi, hata malaria huishusha," akasema Daktari. "Lakini pamoja na mikono hii..." Akachukua damu nyingine ya kwenda Nairobi, kwa kipimo kile cha chembe za damu ya kondoo, kinachothibitisha ugonjwa huu. Ilirudi baada ya wiki mbili, na jibu lilikuwa ndiyo. Saa nane mchana ule zebaki yake ilipanda mpaka mia moja na thelathini. Mikono ile ile, siku ile ile.

Daktari alimweleza Ngendo bila kumficha. Aspirini nyingi, mara nne kwa siku, pamoja na chakula. Vibanzi vya plasta vya kuvaa akilala ili vifundo visipinde. Na sindano za dhahabu kila wiki, huku mimi nikichemsha mkojo wake kila mara kabla ya sindano, kwa kuwa dhahabu inaweza kuharibu figo. Ingechukua miezi mitatu au minne kabla hajaona faida.

"Na vidole vilivyoanza kupinda?" Ngendo akauliza.

"Hivyo havitanyooka. Tunajaribu kuzuia vingine."

Kisha akaandika cheti. Nilikisoma kabla wino haujakauka, nikahisi furaha kwa dakika moja nzima. "Mgonjwa kweli kweli. Si mzembe. Hafai kwa kazi ya kuchuma."

Meneja alikisoma Jumatatu saa mbili asubuhi, mimi nikiwa nimesimama mbele yake na Ngendo nyuma yangu. Alikisoma mara mbili. "Vizuri," akasema. "Basi si mzembe. Lakini kama hafai kuchuma, chumba ni cha wachumaji. Nampa mpaka mwisho wa mwezi."

Ngendo hakulia. Alisema tu, "Macharia akiandika, barua itarudi." Akatoka nje. Mimi nilibaki nikitazama cheti kile, kazi yangu yote, ukweli wote, na nilitaka kukitafuna. Alikuwa afukuzwe kwa sababu ni mzima. Sasa anafukuzwa kwa sababu ni mgonjwa.

Jioni Musau alikuja zahanati kwa miguu yake mwenyewe, akichechemea kidogo. Alifunga mlango nyuma yake. Alienda moja kwa moja kwenye kabati la kioo, akaweka kidole mbele ya rafu ya pili.

"Hiyo chupa," akasema. "Mimi sijui kusoma Kizungu, lakini macho ninayo. Ni ile ile ya siku ile. Ilikuwa hapo Jumamosi. Mimi nililia, wewe ulikuwa na ufunguo."

Nilisema ukweli: "Ndiyo."

"Masaa mawili, Jeconia."

"Ndiyo."

Alikuwa mtu wa kupiga, na nilingoja anipige. Ningestahili. Neno lake moja ofisini na ningerudi kwetu na treni ya kesho. Lakini alikaa kwenye benchi, pale pale Ngendo alipokaa, akaanza kusugua magoti.

"Yeye alikuwa ananiangalia," akasema. "Mimi nikiwa nalia, nikamwona ananiangalia, na mikono yake hivi. Nikamsikia Daktari akisema, kila siku asubuhi, masaa manne, masaa matano. Kila siku! Mimi masaa mawili tu, siku moja, niliita mama yangu aliyekufa." Akaacha kusugua. "Na mimi nilimwandika mara tatu."

"Mimi pia," nikasema.

Alisimama. "Vitanda vya kukaushia kahawa vinafunuliwa umande ukikauka. Saa tatu, saa tatu na nusu. Mtu hageuzi kahawa kabla ya hapo. Na chumba cha mgeuzaji ni kile kile cha mchumaji. Orodha ya vitanda naandika mimi, Meneja anaweka sahihi tu." Akafika mlangoni, akageuka. "Lakini wewe sitakusamehe. Nataka ujue hivyo."

Ngendo alibaki shambani, akigeuza kahawa. Alhamisi hadi Alhamisi nilichemsha mkojo wake, nikautazama kwenye mwanga kuona kama una ukungu, nikamdunga dhahabu. Vidole viwili vya kulia vilikwisha kupinda kuelekea kando, na vilibaki hivyo. Musau alishikwa tena mara mbili mwaka ule, na kila mara nilikimbia na chupa mkononi kabla hajaniita. Alimeza kidonge bila kunitazama usoni. Tangu siku ile zahanati niliifungua saa kumi na moja na nusu alfajiri, bila ruhusa ya mtu, na wa kwanza kuingia nilimwambia anyooshe mikono kabla sijamuuliza jina.